Pete ya FtsZ na namna bakteria anavyopata katikati yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa baiolojia huyarudia kila wanapofika kwenye mada ya mgawanyiko wa bakteria. Majibu yanamhusu hasa Escherichia coli, kwa sababu ndiye aliyechunguzwa kuliko wote. Bakteria wengine wamewekewa sehemu yao mwishoni. Pale jibu linapotegemea jingine, nimetaja swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

FtsZ ni kitu gani?

Ni protini. Iko ndani ya seli kwa maelfu ya molekuli, na kila molekuli inaweza kushikana na mwenzake kwa kichwa na mkia hadi ukatokea uzi mwembamba wenye upana wa nanomita chache tu. Molekuli hushikana vizuri zikiwa zimebeba GTP, molekuli ndogo ya nishati iliyo ndugu wa ATP. GTP hiyo ikishavunjwa, mshiko unalegea na uzi unamomonyoka. Kwa hiyo nyuzi za FtsZ zinajengwa na kubomoka muda wote. Zikijipanga kuizunguka seli kwa ndani, pale itakapogawanyika, hiyo ndiyo pete ya FtsZ.

Jina limetokana na aina za E. coli zilizoharibika jeni. Kwenye joto la kawaida aina hizo zilikua vizuri, lakini zikipelekwa kwenye sentigredi 42 zilishindwa kugawanyika na kurefuka kama nyuzi. Jeni za kundi hilo zikaitwa Fts, kila moja na herufi yake. FtsZ ikaja kuonekana kuwa ndiyo inayotangulia nyingine zote.

Nani aliiona pete hiyo kwa mara ya kwanza?

Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus walikata seli za E. coli vipande vyembamba, wakaitia FtsZ alama za chembe za dhahabu, kisha wakaziangalia kwa hadubini ya elektroni. Chembe za dhahabu zilijikusanya kwenye ukingo wa ndani wa utando, pale pale seli ilipokuwa inabanwa. Mwaka 1996 kundi la William Margolin liliunganisha FtsZ na protini inayong'aa kijani, na pete ikaonekana ndani ya seli hai.

Miaka miwili baadaye, Jan Löwe na Linda Amos walichapisha umbo kamili la FtsZ. Likafanana mno na tubulini, protini inayojenga mikrotubuli katika seli zetu. Herufi za asidi amino za protini hizo mbili zinafanana kidogo tu, lakini mkunjo ni mmoja. Ni ndugu wa ukoo wa kale.

Je, pete ndiyo ukuta mpya?

Hapana, na hapa ndipo wengi huchanganya. Pete iko upande wa ndani wa utando, ndani ya saitoplazimu. Ukuta wa peptidoglaikani uko nje ya utando huo. FtsZ haigusi ukuta hata kidogo. Ifikirie kama kamba ambayo fundi anaifunga kuonyesha mstari wa kujengea: tofali hazikai juu ya kamba, ila bila kamba kiambaza kitapinda au kitasimama mahali pasipo pake.

FtsZ haiwezi hata kushika utando peke yake. Mkia wake mfupi hushikwa na protini mbili, FtsA na ZipA, ambazo ndizo zilizojikita kwenye utando. Kukiwa na moja tu kati ya hizo mbili pete bado inafungika, ingawa kazi haikamiliki. Zikikosekana zote, hakuna pete.

Pete ina FtsZ kiasi gani?

Tupige hesabu. Seli ya E. coli inayokaribia kugawanyika ina urefu wa mikromita 4 hivi na upana wa mikromita 1. Mzingo wake basi ni kama mikromita 3.1, yaani nanomita 3,100. Kila molekuli ya FtsZ ndani ya uzi inachukua nanomita 4.3, kwa hiyo molekuli 720 zinatosha kuizunguka seli mara moja.

Sasa tuchukue seli yenye molekuli 5,000. Karibu theluthi moja ndiyo hukaa kwenye pete kwa wakati mmoja na zilizobaki zinaelea, kwa hiyo kwenye pete kuna kama 1,650. Hizo zinatosha mizunguko miwili na ziada kidogo. Pete si mshipi mnene. Hadubini zenye uwezo mkubwa zimeonyesha mkanda uliotawanyika wa vipande vifupi vya nyuzi, vingine vikipishana, vingine vikiacha nafasi wazi.

## Katikati inapatikanaje?

Bakteria hana macho wala rula. Anajuaje katikati?

Hapimi katikati. Anazuia pete isifungike mahali pengine popote, na panapobaki ndipo katikati.

Kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni mfumo wa protini za Min, unaozuia pete kwenye ncha mbili za seli. Cha pili ni protini SlmA, iliyoelezwa na Thomas Bernhardt na Piet de Boer mwaka 2005. Hii hushika DNA na kuvunja nyuzi za FtsZ zinazojaribu kufungika juu ya bonge la DNA. Seli inapokua na nakala mbili za DNA zikaachana, moja ikaelekea ncha hii na nyingine ile, pengo linatokea kati yake. Pengo hilo liko mbali na ncha zote mbili na halina DNA juu yake. Hapo FtsZ haina wa kuizuia.

Matokeo ni ya usahihi wa kushangaza. Kiambaza, yaani ukuta mpya unaoigawa seli mbili, hukosea katikati halisi kwa wastani wa asilimia 2 au 3 ya urefu wa seli. Kwa seli yetu ya mikromita 4, hiyo ni kama sehemu ya kumi ya mikromita moja.

Protini za Min zinafanyaje kazi?

Ziko tatu, na kila moja ina kazi yake. MinC ndiyo adui halisi wa FtsZ, maana inavunja nyuzi zake. Lakini MinC haijui pa kwenda. Inabebwa na MinD, ambayo hushika utando ikiwa na ATP na ikiwa wawili wawili. MinE ndiyo inayoitoa MinD kwenye utando kwa kuichochea ivunje ATP yake.

Fuata safari moja. MinD imejaa kwenye utando wa ncha ya kushoto, MinC ikiwa imepanda mgongoni mwake. MinE inajikusanya kwenye ukingo wa eneo hilo, upande unaotazama katikati ya seli, na kuanza kuing'oa MinD kutoka ukingoni kuelekea nchani. MinD iliyong'olewa haiwezi kushika utando papo hapo, kwa sababu lazima kwanza iache ADP na kupata ATP nyingine. Kuchelewa huku kudogo ndiko kunakouendesha mfumo wote. MinD hupata nafasi ya kuelea mbali na MinE iliyoing'oa, na inapokuwa tayari, utando usio na MinE nyingi uko ncha ya kulia. Inajaa huko. MinE ikimaliza kazi kushoto inaachiliwa, inaifuata MinD kulia, na mambo yanaanza upya kinyume.

David Raskin na de Boer ndio waliochapisha mwendo huu wa MinD mwaka 1999. Nenda-rudi moja huchukua kama dakika moja, kwa kutegemea joto na wingi wa protini.

Kama Min inakwenda na kurudi, si inapita katikati pia?

Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha mada hii. Molekuli zinapita katikati, ndiyo, lakini zinapita zikiwa zinaelea kwenye saitoplazimu. Hazitambai juu ya utando kutoka ncha hadi ncha. Zinapotua kwenye utando, zinatua hasa upande wa nchani.

Chukua boma refu lenye lango kila mwisho na mlinzi mmoja wa usiku. Anakaa lango hili nusu dakika, anakimbia hadi lango lile, anakaa nusu dakika. Mwizi akichagua pa kurukia ukuta, atachagua katikati, ambako mlinzi hupita tu bila kukaa. FtsZ inahitaji muda mrefu kuliko dakika moja kujenga pete imara, kwa hiyo inachokisikia ni wastani wa mizunguko mingi ya MinC. Wastani huo ni mkubwa nchani na mdogo katikati. Mfano wangu una kasoro moja ambayo msomaji aiangalie: mlinzi ana akili na anajua malango yalipo. MinD na MinE hazijui lolote. Mwendo wote unatokana na kushika, kung'olewa na kuelea.

Tunajuaje kwamba hakuna kitu kingine kinachoziongoza?

Kwa kuzitoa nje ya seli. Mwaka 2008 Martin Loose, Petra Schwille na wenzao waliweka MinD, MinE na ATP juu ya utando bapa wa mafuta kwenye kioo. Bila ncha, bila DNA, bila seli, protini hizo zilijipanga zenyewe zikatengeneza mawimbi yanayosafiri. Mawimbi hayo yalikuwa mapana kuliko seli ya E. coli kwa zaidi ya mara kumi, tofauti ambayo hali ya nje ya seli inaweza kuileta.

Kundi la Cees Dekker huko Delft lilikwenda njia nyingine. Likazikuza seli hai ndani ya vyumba vidogo hadi zikachukua umbo la mraba au mstatili, na mwendo wa Min ukafuata umbo la chumba. Yaani seli inasoma umbo la mwili wake kwa kemia tupu.

Ukiondoa Min, kitu gani kinatokea?

Seli haifi. Inaanza kugawanyika pasipofaa. Wakati mwingine kiambaza kinajengwa karibu na ncha, na kipande kidogo cha mviringo kinakatika. Kipande hicho, yaani seli ndogo isiyo na kromosomu, kwa Kiingereza minicell, kilielezwa na Howard Adler na wenzake mwaka 1967, na ndicho kilichozipa jeni za Min jina lao. Kina ribosomu na kinaweza kutengeneza protini kwa muda kikipewa maelekezo, lakini hakitakua wala kuzaa. Seli iliyobaki inakuwa ndefu kuliko kawaida na ina kromosomu za ziada, kwa sababu ilitumia nafasi yake ya kugawanyika kukata ncha.

Angalia jambo hili pia: seli isiyo na Min haigawanyiki sehemu zote tatu, yaani ncha mbili na katikati, kwa wakati mmoja. FtsZ iliyopo ina kikomo. Ukiiongeza FtsZ mara chache kupita kiwango cha kawaida kwenye seli nzima yenye Min, nayo pia itaanza kutoa seli ndogo nchani, kwa sababu MinC inazidiwa.

Na ukiondoa Min na SlmA zote mbili?

Kwenye chakula kingi seli zinashindwa kuishi: FtsZ inatawanyika kila mahali na pete kamili hazifungiki. Kwenye chakula hafifu, ambako zinakua polepole, zinaishi. Na bado pete nyingi hujikuta karibu na katikati. Sehemu ya maelezo ni protini MatP, inayoshika eneo la mwisho la kromosomu na kuunganishwa na pete kupitia ZapB na ZapA. Kwa hiyo DNA haikatazi tu, ina namna ya kuivuta pete pia.

## Pete ikishafungika

Pete inazunguka?

Nyuzi zinajongea, ila molekuli zake zimetulia. Chukua foleni ambayo hakuna mtu anayesogeza mguu: wapya wanajiunga upande mmoja, wa upande wa pili wanaondoka. Ukiitazama kutoka juu ya ghorofa, foleni nzima inaonekana inatembea. Uzi wa FtsZ unafanya hivyo, ukikua kichwani na kumomonyoka mkiani.

Mwaka 2017 makundi mawili, moja likitumia Bacillus subtilis na jingine E. coli, yalipima mwendo huo na kupata kama nanomita 30 kwa sekunde, yaani molekuli 7 hivi zinaongezwa kila sekunde. Uzi wa nanomita 120 unaweza kubadilika wote kwa sekunde 4. Hii inakubaliana na jambo lililojulikana tangu awali: ukizima mng'ao wa sehemu ya pete kwa leza, nusu yake inarudi ndani ya sekunde 10 hivi, kwa molekuli mpya kutoka saitoplazimu.

Basi mwendo huo unasaidia nini?

Unaisambaza kazi kuzunguka mzingo mzima. Vimeng'enya vinavyojenga kiambaza, FtsW inayounga minyororo ya sukari na FtsI inayoifunga pamoja, huburutwa na ncha za nyuzi zinazojongea. Bila mwendo huo, ujenzi ungerundikana upande mmoja na kiambaza kingepinda.

Kuhusu kasi, bakteria hawafanani. Katika B. subtilis nyuzi zikipunguza mwendo, kiambaza nacho kinachelewa. Katika E. coli hapana: aina zenye FtsZ inayovunja GTP polepole sana bado hujifunga kwa kasi inayokaribia ya kawaida, ingawa umbo la kiambaza huweza kuharibika.

Pete inaivuta seli ijifunge kama kamba ya mfuko?

Kwa muda mrefu ndivyo ilivyodhaniwa, na si dhana ya bure. Mwaka 2008 Masaki Osawa, David Anderson na Harold Erickson waliipa FtsZ mkia wa kushika utando, wakaiweka ndani ya mifuko ya mafuta, ikafunga pete na kuibana mifuko. Kwa hiyo inaweza kubana.

Lakini mfuko laini wa mafuta si bakteria. Seli hai imejaa shinikizo linalosukuma nje na ina ukuta. Kwa maoni yangu ushahidi wa E. coli, hasa huo wa kasi niliotaja kwenye swali lililotangulia, unaelekeza kwamba nguvu kubwa inatoka kwa ukuta unaojengwa kuelekea ndani, FtsZ ikionyesha mstari. Sehemu ya FtsZ katika kubana kwenyewe bado inabishaniwa.

Mbona pete inafungika halafu seli inakaa bila kubanwa?

Kwa sababu wajenzi wanafika kwa awamu mbili. FtsZ, FtsA na ZipA hufika kwanza. Wengine, wakiwamo FtsW na FtsI, huja baadaye sana, na protini FtsN inapowasili ndipo ruhusa ya kujenga inatoka. Ukiona pete bila mbano, usiseme mara moja kwamba seli ni mgonjwa.

## Mambo yanayoharibika na namna ya kuyatambua

Seli zangu zimekuwa nyuzi ndefu. Nitajuaje kilichokwama?

Angalia FtsZ iko wapi. Ukimpa E. coli sefaleksini, dawa hiyo inaziba FtsI. Mwanzoni utaona seli ndefu yenye pete zilizopangwa vizuri, lakini haibanwi popote. Mstari upo, fundi hayupo.

Ukimpa siprofloksasini, DNA inaumia na seli inatoa protini iitwayo SulA, ambayo hushika molekuli za FtsZ moja moja zisiungane. Hapo utaona seli ndefu isiyo na pete kabisa, FtsZ imesambaa kote. Hali hii inaweza kugeuka: DNA ikipona, SulA inaliwa na kimeng'enya Lon, na pete zinarudi. Ni busara ya seli kusimamisha mgawanyiko kabla haijaikata DNA iliyovunjika.

Naweza kuiamini pete inayong'aa chini ya hadubini?

Kwa tahadhari. FtsZ iliyounganishwa na protini inayong'aa mara nyingi haiwezi kufanya kazi peke yake, kwa hiyo huchanganywa kidogo na ile ya asili. Ukiizidisha, nayo inaleta seli ndefu na mizunguko ya springi ambayo haimo kwenye seli ya kawaida. Pima kwanza urefu wa seli zako ukilinganisha na zisizo na alama. Kama zimerefuka, picha yako inaonyesha tatizo ulilolileta mwenyewe.

Kwa nini hakuna dawa ya kutibu watu inayolenga FtsZ?

Imejaribiwa. Kemikali iitwayo PC190723, iliyotangazwa mwaka 2008, inaifanya FtsZ ya Staphylococcus aureus ishikane kupita kiasi na isibomoke, na ilitibu panya walioambukizwa. Kikwazo kikubwa ni kwamba badiliko la asidi amino moja kwenye FtsZ linatosha kuleta usugu. Pia haifai kwa bakteria kama E. coli.

## Bakteria wengine na wasiofuata kanuni

Bakteria wote wana Min inayokwenda na kurudi?

La. B. subtilis ana MinC na MinD lakini hana MinE. Kwake Min inakaa tuli nchani na kwenye kiambaza kipya, ikishikiliwa na protini DivIVA. Caulobacter crescentus anatumia MipZ, ambayo wingi wake hupungua taratibu kutoka ncha kuelekea katikati. Streptococcus pneumoniae amegeuza mbinu: badala ya kukataza, protini MapZ inatangulia mahali panapofaa na kuikaribisha FtsZ. Bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, ana FtsZ lakini hakuna Min inayofahamika kwake, na hugawanyika akitoa mabinti wasiolingana.

Na bakteria wa mviringo, wasio na ncha?

S. aureus hana Min, hutegemea zaidi kizuizi cha DNA kupitia protini Noc, na hubadili mwelekeo wa kiambaza kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini usifanye kanuni kutokana na umbo tu: Neisseria gonorrhoeae ni wa mviringo na Min anayo.

Yupo anayegawanyika bila FtsZ?

Wapo. Klamidia hawana FtsZ, na kazi ya kuelekeza ukuta wao mpya inategemea MreB, protini ambayo kwa E. coli hutunza umbo la fimbo. Kwa upande wa pili, FtsZ imevuka mipaka ya bakteria: kloroplasti katika jani la mhindi hugawanyika kwa pete ya FtsZ, na mimea imehifadhi hata MinD na MinE za kuiweka katikati, urithi wa bakteria aliyemezwa na seli zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita.